Usihame mstari: namna ya kutoa herufi kwenye karatasi ya maswali hadi kwenye karatasi ya kushedi bila kuruka nambari

Asalaam aleikum na habari zenu. Nafundisha twisheni hapa Langoni, Lamu, jioni baada ya watoto kutoka madrasa, na kitu nataka kuandika leo ni kimoja tu. Mtoto anajua jibu, amelichagua sawasawa, lakini likifika kwenye karatasi ya majibu linaingia nambari ya jirani, halafu yote yanayofuata nayo yanaingia nambari ya jirani. Nimeliona mara nyingi mno na linaniuma kila nikiliona, kwa sababu hesabu mtoto anazijua, ni karatasi tu imempoteza.

Niwape kisa kwanza kwa sababu mwongozo wote nitautegemeza juu yake.

Mtoto mmoja wa mtaani kwetu nilimpa pepa ya mazoezi ya hesabu, maswali 50, saa mbili, na karatasi ya majibu yenye vijisanduku A B C D kama ile waliyotumia watoto wa KCPE hadi mtihani ule ulipofikia mwisho 2023. Alipomaliza nikasahihisha karatasi ya majibu nikapata 29. Nikashangaa, maana huyu si mtoto wa 29. Nikachukua kijitabu cha maswali, ambacho alikuwa amezungushia herufi zake kwa penseli, nikasahihisha kile pia. 39. Mtoto yule yule, pepa ile ile, alama kumi zimepotelea njiani kati ya karatasi mbili zilizokuwa mezani mwake zimepakana.

Kilichotokea ni hivi. Swali la 14 lilimshinda akaliruka, akasema atalirudia. Akafanya la 15, jibu B, akaenda kwenye karatasi ya majibu, akaona mstari mtupu unaofuata, akashedi B pale. Mstari ule ulikuwa wa 14. Hakusoma nambari, aliangalia tu wapi pako wazi. Kutoka hapo akaenda hivyo hivyo, jibu la 16 kwenye 15, la 17 kwenye 16, hadi jibu la 31 likaingia 30. Hapo ukurasa ukaisha, akafungua mwengine, na kwa vile ameanza ukurasa mpya akasoma nambari vizuri, 32 akaiweka kwenye 32, na toka hapo hadi 50 yuko sawa.

Sasa sikilizeni penye ubaya wenyewe. Mwisho wa mtihani akapitia karatasi akaona mstari mmoja mtupu, wa 31. Akasema ahaa, nimesahau 31. Akarudi kwenye swali la 31, akaona ameshalizungushia A, akashedi A, akafurahi, akanipa karatasi. Hakuna tundu tena, karatasi imejaa vizuri, na mistari 17 ndani yake imehama.

Ni kama vifungo vya shati. Ukikosea kifungo cha chini, unagundua kwenye kola, pale tundu moja linapobaki bila kifungo. Lakini kosa haliko kwenye kola, na ukiiziba kola hujatengeneza shati. Mstari mtupu unakuonyesha pale uhamaji ULIPOISHIA, haukuonyeshi ulipoanzia. Ukikuta mstari mtupu ambao hukuuacha kwa makusudi, usiuzibe kwanza. Rudi nyuma.

Nitaurudia huu uhamaji kwa kina huko chini, na namna ya kuutengeneza. Kwanza tuone namna ya kutouingia.

Mezani kabla hujaanza

Mambo ya mezani walimu wengi hawayasemi. Kwenye karatasi za majibu za kwetu nambari iko kushoto halafu ndio vinafuata A, B, C, D. Anayeandika kwa mkono wa kulia anaiona nambari muda wote maana mkono wake uko upande wa D. Anayeandika kwa mkono wa kushoto, mkono wake unaifunika nambari. Kwa hivyo wa kushoto wanahama mstari kwa sababu isiyo yao kabisa, na dawa yake ni kusoma nambari KABLA ya kushusha mkono, na karatasi iinamishwe kidogo ili nambari zitokeze juu ya ngumi.

Weka karatasi ya majibu upande wa mkono unaoandikia na kijitabu cha maswali upande wa pili. Wa kulia, kijitabu kushoto, karatasi ya majibu kulia. Hivyo mkono hauvuki juu ya maswali na jicho linakwenda njia moja fupi. Nimeona watoto wanaweka karatasi ya majibu CHINI ya kijitabu wanaivuta kila mara, na kila wakiivuta inabidi waanze kutafuta upya walikuwa mstari gani. Usifanye hivyo, na pia karatasi ile haitakiwi kukunjwa wala kupata mikunjo.

Chukua rula. Rula ya sentimita 30 ile ya kawaida ndio chombo chako kikubwa siku hiyo. Inalala chini ya mstari unaoshedi, inashuka mstari mmoja mmoja, na huku kwetu ina kazi ya pili, darasa likiwa limeelekea bahari upepo unapeperusha makaratasi, rula inayatuliza.

Halafu jasho. Mitihani ya taifa inaangukia mwisho wa Oktoba na Novemba, joto la huku mnalijua. Kiganja kilicholowa kikipita juu ya penseli kinaacha ukungu wa kijivu kwenye safu nzima. Kama msimamizi ameruhusu karatasi ya kufanyia hesabu, ilaze chini ya kiganja, kama hakuna jifute mkono kwenye nguo kabla ya kuhamisha majibu.

Penseli HB mbili zimechongwa lakini zisiwe kali kama sindano, ncha butu kidogo inashedi haraka zaidi. Raba laini. Ile raba ngumu iliyokaa kwenye kichwa cha penseli mara nyingi inachubua karatasi, usiitegemee.

Isome karatasi inakwenda wapi

Hii ni ya nusu dakika lakini ifanye. Karatasi ya majibu ya aina ya KCPE ilikuwa inakwenda CHINI kwanza. 1 hadi 10 safu ya kwanza, kisha unapanda juu, 11 hadi 20 safu ya pili, na kadhalika. Kwa hivyo ukisoma kwa upana, kama unavyosoma kitabu, unaona 1, halafu 11, halafu 21, 31, 41 zimejipanga. Mtoto aliyezoea kusoma kushoto kwenda kulia akishapaka 1 anaweza akateleza akaingia 11 bila kufikiri, hasa akiwa na haraka.

Na kuna mtego mwengine hapo hapo, D ya safu ya kwanza imekaa karibu sana na nambari ya safu ya pili. Ukitaka D ya 4, jicho linagonga "14" iliyo pembeni yake. Weka kidole cha mkono mwengine kwenye nambari yako, yaani kidole kiko kwenye 4, penseli inakwenda D.

Kama una karatasi ya aina nyengine, yenye maduara badala ya vijisanduku, au inayokwenda kwa upana, kanuni ni ile ile, tafuta 1, 2 na 11 ziko wapi na utajua inakwendaje. Angalia pia maagizo yanataka upake vipi. Za KCPE zilitaka mstari mzito ndani ya kijisanduku chenye herufi, sio kujaza kisanduku kizima, na usitoke nje yake. Za maduara zinataka duara lijae. Soma mfano uliochapishwa pale juu, fuata ule.

Kuhamisha kwenyewe

Kuna wanaoshedi swali moja moja, yaani fanya swali, shedi, fanya swali, shedi. Kuna wanaofanya pepa nzima kwenye kijitabu kwanza halafu washedi zote mwisho. Mimi zote mbili sizipendi. Ya kwanza inakukata fikra mara 50, na kila ukirudi kwenye karatasi unarudi na akili imejaa hesabu, unatafuta pako wazi, ndivyo yule mtoto alivyopotea. Ya pili ni hatari ya saa, msimamizi akisema kalamu chini na wewe umeshedi 22, hayo mengine 28 hayapo duniani hata kama umeyazungushia vizuri namna gani, kijitabu hakisahihishwi.

Nenda kwa ukurasa. Fanya maswali yote ya ukurasa mmoja, mara nyingi ni matano hadi saba hivi, zungushia herufi zako kwenye kijitabu, halafu tulia, shika rula, hamisha hizo zote kwa mkupuo mmoja, kisha ndio ufungue ukurasa wa pili. Wakati wa kuhamisha huna kazi nyengine, hufikirii hesabu, unahamisha tu.

Kila jibu lina hatua tatu na nawafundisha watoto wazitamke kwa midomo bila sauti. Soma nambari kwenye KIJITABU, "kumi na tano". Peleka kidole kwenye karatasi ya majibu, tafuta nambari ile, itamke tena, "kumi na tano". Halafu herufi, "B", shedi. Nambari, nambari, herufi. Kumi na tano, kumi na tano, B. Wengi wanabeba herufi peke yake, "B, B, B", wakifika kule B haina pa kukaa inakaa palipo wazi. Herufi isisafiri bila nambari yake.

Najua mtasema inachelewesha. Nilimpima mtoto mmoja kwa saa ya simu, maswali saba kwa njia hii yalimchukua kama dakika moja na nusu, na ni mtoto wa polepole. Kwa pepa ya 50 hiyo ni kama dakika kumi na moja kwa ujumla, ndani ya saa mbili.

Ukibakiwa na dakika kumi na bado una maswali, acha mtindo wa ukurasa, shedi moja moja kila ukimaliza swali, ili saa ikikukuta isikukute na majibu yaliyolala kwenye kijitabu.

Swali unaloliruka

Hapa ndipo uhamaji mwingi unapozaliwa kwa hivyo nikae kidogo.

Swali likikushinda, kwenye kijitabu zungushia NAMBARI yake duara kubwa, hiyo ni alama yako ya kurudi, na pale pale chagua herufi moja ya muda, hata ya kubahatisha, ukaishedi kwenye karatasi ya majibu kama yale mengine. Usiache mstari mtupu. Kama mtihani wako haukati alama kwa jibu la makosa, na KCPE haikuwa inakata, herufi ya kubahatisha haikugharimu kitu na ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa sawa. Lakini mimi siisemi kwa sababu ya bahati. Naisema kwa sababu karatasi isiyo na matundu haikupi pa kutelezea. Palipo wazi panakuwa ni pamoja tu, mstari unaofuata, nao ndio sahihi.

Ukirudi baadaye ukapata jibu la kweli, futa herufi ile moja, shedi nyengine. Kazi ya mstari mmoja.

Usiweke kinukta wala nyota kwenye karatasi ya majibu kujikumbusha. Nimeona watoto wanatia alama pembeni ya nambari. Karatasi ile inatakiwa iwe safi, alama zote zako weka kwenye kijitabu, huko andika unavyotaka.

Kwa mitihani inayokata alama kwa makosa, ipo mingine huko vyuoni, basi acha mstari mtupu lakini uutamke. "Kumi na nne, kumi na nne, tupu", na rula ishuke kama umeshedi. Kinacholinda ni kwamba rula imeshuka.

Vituo vya kukagua, na kwa nini mstari mmoja hautoshi

Kila safu ikiisha, yaani 10, 20, 30, 40, simama ulinganishe. Swali la 20 kwenye kijitabu lina herufi gani, mstari wa 20 una herufi gani. Wengi wanaijua hii. Lakini turudi kwa mtoto wetu nikuonyesheni kwa nini ingemponyoka.

Haya ndiyo aliyozungushia kwenye kijitabu kuanzia 15 hadi 31:

15 B, 16 D, 17 D, 18 A, 19 C, 20 B, 21 B, 22 A, 23 C, 24 D, 25 A, 26 A, 27 C, 28 B, 29 D, 30 C, 31 A

Na haya ndiyo yaliyokuwa kwenye karatasi ya majibu, mistari 14 hadi 30:

14 B, 15 D, 16 D, 17 A, 18 C, 19 B, 20 B, 21 A, 22 C, 23 D, 24 A, 25 A, 26 C, 27 B, 28 D, 29 C, 30 A

Angalieni 20. Kijitabu B, karatasi B. Angesimama kwenye 20 akalinganisha angesema alhamdulillahi niko sawa, akaendelea kupotea hadi 30. Ni kwa sababu swali la 20 na la 21 yote yalikuwa B, zikifuatana herufi mbili sawa uhamaji unajificha hapo. Ndivyo ilivyo pia kwenye 16 na 25. Katika mistari 16, kuanzia 15 hadi 30, mitatu ililingana kwa bahati na kumi na mitatu ikatoka nje.

Kwa hivyo kwenye kituo linganisha mistari MIWILI inayofuatana, 19 na 20. Hapo angeona 19, kijitabu C, karatasi B, angesimama mara moja. Herufi nne, bahati ya mstari mmoja kulingana ni moja kati ya nne, ya miwili ni moja kati ya kumi na sita. Na ukitaka uhakika zaidi chagua miwili yenye herufi tofauti, maana B na B hazikuambii sana.

Alama zake zile kumi zilikwenda hivi, katika maswali 15 hadi 30 alikuwa amepata 13 kwenye kijitabu, matatu tu alikosea kihalali. Kwenye karatasi yakabaki matatu sahihi, yale ya 16, 20 na 25. Kumi na tatu yamekuwa matatu.

Ukigundua umehama

Usifute chochote bado. Nasema tena kwa sababu mkono utataka kufuta. Mtoto akigundua anashtuka, anachukua raba anasafisha safu nzima, na kama hakuzungushia kwenye kijitabu basi amefuta majibu yake yote, sasa afanye hesabu upya.

Kwanza tafuta ulipoanzia. Nenda kwenye vituo, 9 na 10 ziko sawa? Ziko sawa. 19 na 20? Hapana. Basi mwanzo uko kati ya 11 na 20. Sasa shuka kutoka 11 moja moja hadi upate wa kwanza usiolingana. Kwa mtoto wetu, 11, 12, 13 sawa, 14 kwenye kijitabu haina herufi, kwenye karatasi ina B. Hapo ndipo. Mara nyingi utakuta pana swali lenye duara la kurudi, kwa hivyo anza kuyatazama yale uliyoyaruka.

Halafu tafuta umeishia wapi, yaani mstari mtupu, au mwisho wa karatasi, au mwanzo wa ukurasa mpya wa kijitabu.

Sasa jua umehama upande gani, maana ziko pande mbili. Majibu yamepanda juu, jibu la 15 liko kwenye 14, hii inatokana na kuruka swali. Au yameshuka chini, jibu la 14 liko kwenye 15, hii inatokana na kuruka mstari, au kushedi jibu moja mara mbili kwenye mistari miwili.

Kama una herufi kwenye kijitabu, kutengeneza ni rahisi, nenda mstari mmoja mmoja, futa, shedi kutoka kijitabuni. Mistari iliyolingana kwa bahati iache, usiiguse, kwa huyu mtoto 16, 20 na 25 zinabaki kama zilivyo. Kwa hivyo ana kazi ya mistari 13 na ule wa 14 wenyewe, jumla 14. Ukihesabu sekunde 20 kila mmoja, kufuta na kushedi, haifiki dakika tano.

Kama HUKUZUNGUSHIA kwenye kijitabu, herufi zako zipo pahali pamoja tu duniani, kwenye ile karatasi iliyohama, na hapo mpangilio wa kufuta una maana kubwa. Majibu yakiwa yamepanda juu, anza CHINI. Chukua karatasi ya yule mtoto. Mstari wa 31 unatakiwa upate herufi iliyo kwenye 30, ambayo ni A. Ishedi. Kisha futa 30, iandikie iliyo kwenye 29, C. Kisha futa 29, iandikie ya 28, D. Kisha 28 ipate ya 27, B. Unapanda hivyo hadi 15 ipate B iliyokuwa kwenye 14, na 14 inabaki peke yake, ifute, uipe jibu lake la kweli au la kubahatisha. Kila unachokifuta kimeshahifadhiwa mstari wa chini yake, hupotezi hata kimoja. Ni kama kuhamisha watu kwenye madau yaliyofungwa moja nyuma ya jengine, wa mwisho ashuke kwanza ndio nafasi ipatikane. Ukianzia juu, ukafuta 15 uiandikie B, ile D iliyokuwa pale imekwenda, na ilikuwa jibu la 16.

Yakiwa yameshuka chini ni kinyume chake, anza JUU, 14 ichukue ya 15, 15 ichukue ya 16, na kuendelea hadi mwisho wa uhamaji.

Na kama saa imebaki dakika mbili? Fanya unazowahi, kwa mpangilio huo huo. Kila mstari uliotengenezwa umekaa sawa peke yake hata kama ule wa juu yake bado, si lazima umalize ndio upate faida. Ukitengeneza sita umepata sita.

Kufuta

Mashine inayosoma karatasi hizi inaangaza mwanga na kuangalia wapi pana giza. Haijui hiki ni kivuli cha jibu lililofutwa na hiki ndicho jibu. Mstari mmoja ukiwa na weusi mara mbili hauhesabiwi kuwa umejibu. (Watoto huniuliza kwa nini lazima penseli. Mashine ya kwanza maarufu ya kazi hii, ya IBM ya 1938, ilikuwa inapitisha umeme, na risasi ya penseli inapitisha umeme, wino haupitishi. Za sasa zinatumia mwanga lakini penseli imebaki, na nafuu yake kwetu ni kwamba inafutika.)

Basi ukifuta, shikilia karatasi kwa vidole viwili pande zote za kijisanduku, sugua upande mmoja tu, si mbele na nyuma, maana mbele na nyuma ndiko kunakokunja karatasi. Pitisha mara mbili tatu kidogo kidogo. Raba ikiwa na weusi isugue kwanza kwenye kiatu au kijitabu, la sivyo unapaka badala ya kufuta. Vumbi la raba lipeperushe kwa mdomo au ukingo wa rula, usilifute kwa kiganja chenye jasho. Kisha inua karatasi kidogo uitazame kwa pembeni, ukiona bado herufi ina kivuli cha kijivu kuliko jirani zake, rudia.

Mazoezi ya nyumbani

Kwa wazazi, hamuhitaji kununua kitu. Chukua karatasi ya A4, piga rula safu tano, kila safu nambari kumi zikienda chini, kila nambari vijisanduku vinne. Toa kopi kadhaa.

Zoezi la kwanza, andika herufi 50 zozote ukizipa nambari kwenye karatasi nyengine, mtoto azihamishe, mpime dakika. Lakini katikati ruka baadhi, yaani andika 12, 13, 15, 16, 18, bila 14 wala 17. Hapo utaona mara moja kama anasoma nambari au anatafuta palipo wazi. Wangu wengi siku ya kwanza wanaanguka kwenye nambari ya kwanza iliyorukwa.

Zoezi la pili ndilo nalipenda zaidi. Mpe karatasi ya majibu ambayo WEWE umeihamisha kwa makusudi, kuanzia mahali unapopajua wewe tu, pamoja na kijitabu chenye majibu yaliyozungushiwa, na mwambie atafute ulipoanzia na atengeneze. Mara moja panda juu, mara moja shuka chini. Ziba na lile tundu la mwisho kama alivyofanya yule mtoto, ili ajue karatasi iliyojaa si lazima iwe karatasi iliyo sawa.

Yule mtoto wangu nilimrudishia karatasi yake mwenyewe, kesho yake, kwenye baraza nje ya kwao. Nikamwambia kuna kitu humu, kitafute. Alikaa nayo muda, kidole kwenye nambari, midomo inacheza. Alipofika 14 akasimama akanitazama. "Mwalimu, hii B si ya hapa." Nikampa raba, akaanza kutoka chini.